Majani ya Bibi Yaliyokwenda Kupigwa Picha

Bibi yangu huniita mume wake, na mimi huwa namjibu kwamba mahari sijamaliza. Ndiyo maana nilipompelekea ile programu ya kutambua magonjwa ya zabibu, alisema mume gani huyu, wenzake wanaleta kitenge, yeye analeta daktari wa majani.

Niliipata shuleni Chamwino, kwa mwalimu wetu wa kilimo. Ukishaipakua mara moja, inakaa ndani ya simu na kufanya kazi bila bando wala mtandao. Kwa bibi ilifaa, maana kule mtandao unapatikana ukipanda kichuguu tu. Mwalimu alisema imefundishwa majibu machache: jani zima, na magonjwa kadhaa ya mzabibu. Lolote utakaloionyesha, itachagua mojawapo. Haikufundishwa kusema sijui. Sisi tukaipima, kwa simu ya mwalimu, kwenye sikio la mwenzetu. Ikasema sikio lina ubwiri unga, ukungu ule wa mizabibu, asilimia tisini. Jina hilo halijamtoka hadi leo.

Shuleni simu ni marufuku, kwa hiyo niliporudi bweni simu nilimwachia bibi. Nilimfundisha: fungua, elekeza kwenye jani, bonyeza, soma. Anasoma Biblia kila siku, maandishi ya simu hayakumsumbua. Nilimwambia apige picha kila Jumapili akitoka kanisani.

Msimu ule haukuwa wa mchezo. Shamba lile alilipanda babu, na tangu afe, baba mdogo alikuwa anataka mizabibu ing'olewe eneo lipimwe viwanja. Mji unatujia, alisema. Yeye na bibi walikubaliana jambo moja tu: zabibu zikitoka vizuri safari hii, shamba linabaki. Zisipotoka, asimsikie mtu analia.

Nilirudi likizo. Kabla hata sijamaliza shikamoo, bibi alinipa simu nione kazi yake. Jumapili zote zilikuwemo. Kila picha jani moja, limelazwa juu ya khanga yake ya kanisani, na chini yake maandishi ya kijani: jani zima, jani zima, jani zima. Jirani alikuwa amemwambia apulize dawa ya salfa mapema, akamjibu kwamba daktari wake hajasema.

Nikaenda shambani nikiimba. Nikaacha kuimba nikiwa bado njiani. Mizabibu ilikuwa kama imetoka mashineni kusaga, nyeupe majani na nyeupe vichala, na punje nyingi zimepasuka mbegu zikachungulia nje. Nilipiga picha jani moja hapo hapo lilipoota. Simu haikusita. Ubwiri unga.

Niliporudi nilimuuliza bibi yale majani aliyatoa wapi.

"Shambani kwangu. Ulitaka nikaibe?"

"Ulikuwa unayachumaje?"

Akanitazama kama ninayeuliza maji yanachemshwaje. Alikuwa anachagua lililo zuri, analiosha, analifuta kwa kitambaa, ndipo analilaza. Kwani mimi nilipopigwa picha ya Kipaimara si alinipaka mafuta mpaka masikioni? Mtu hapelekwi kwenye picha na vumbi lake.

Mimi ni mtu wa maneno. Darasani nafukuzwa kwa maneno. Siku hiyo nilitafuta la kuilaumu simu, lakini haikuwa imedanganya. Ilionyeshwa jani safi, ikasema jani safi. Ule unga aliokuwa anaufuta ndio ugonjwa wenyewe.

Nilimpa tu simu, picha yake na yangu. Akazitazama zote mbili, akarudia, kisha akakaa kwenye kigoda.

"Kumbe nilikuwa namwogesha mgonjwa," alisema, "halafu namuuliza daktari mbona anameremeta."

Nilitaka kucheka, maana ilikuwa nzuri kuliko utani wangu wote. Yeye hakucheka.

Salfa tulipuliza, lakini haishoni punje zilizopasuka. Mnunuzi alikuja, akashika kichala kimoja, akakirudisha taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaondoka. Baba mdogo hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alileta vijana wenye majembe na sururu, na bibi akawapikia uji.

Mzabibu wa mwisho ulikuwa karibu na choo, mnene kama paja, ule babu alioanza nao. Bibi akaniambia nimpige picha nao kabla hawajaufikia. Nikatoa simu haraka, nikabonyeza, nikagundua nimefungua ile programu badala ya kamera. Ilikuwa imemchukua uso mtupu, hakujifuta hata machozi, na vumbi la sururu limemkaa kwenye nyusi.

"Inasemaje?" akauliza, maana alishaona maandishi ya kijani.

"Inasema mzima, bibi."

Akafunga vizuri khanga yake, akageuka kuwatazama vijana.

"Basi mume wangu, nayo haijui."