"Tulifanya Sote"

Muda mfupi kabla ya uhuru, chuoni kwetu Changamwe, wanafunzi watatu tuliandika ripoti moja juu ya visima vya Likoni. Sahibu yangu, mzaliwa wa Likoni, ndiye aliyezunguka visimani, akazungumza na kina mama, akachora ramani. Mimi nilipanga habari. Wa tatu, mwenye mwandiko mzuri, alinakili yote, kisha karatasi za awali tukawashia moto wa chai.

Ripoti ilisifiwa, lakini nusu ya alama ilikuwa ya kila mtu peke yake. Kwa kuwa mwandiko ulikuwa mmoja, mwalimu akatuita mmoja mmoja. Tuliobaki tulingoja barazani, dirisha wazi.

"Ramani hii kazi ya nani?" alimwuliza sahibu yangu.

"Tulifanya sote, mwalimu."

"Wewe hasa ulifanya nini?"

"Tulisaidiana tu."

Kwao, kujisifu mbele ya mkubwa ni aibu. Mwenye mwandiko akaninong'oneza, "Adabu itamfelisha huyu."

Nikaingia bila kuitwa. "Mwalimu, ramani ni yake, wallahi."

"Huenda. Lakini siwezi kumpa alama kwa ushahidi wa rafiki yake. Mngekuwa na karatasi za kwanza, ningeuona mkono wake."

Nilimsihi sahibu yangu aseme mwenyewe. Akainamisha macho. "Nishajibu, ndugu yangu."

Alama zake hazikutosha kuingia mwaka wa pili. Nilimbebea sanduku hadi feri ya kurudi kwao. Njiani aliniuliza kama ripoti ile itawafaa kina mama wa visimani.