Gama ya Muthana

Kaka yangu Muthana hugonga viti. Ukumbi wa gemu ni wetu, viti kavipanga mwenyewe, njia ya kupita kaipima mwenyewe, na bado kila akitoka mwangani kuingia ndani lazima kiti kimoja kilie. Wateja walikuwa wakicheka. Walisema mwenye ukumbi anavidai viti kodi. Mimi sikucheka, kwa sababu baba yetu naye alianza hivyo hivyo.

Ukumbi wetu uko mjini Irbid, Jordan, juu ya duka la pipi, mtaa wa chuo. Mapazia mazito yanafungwa mchana kutwa ili skrini zisipigwe na jua. Mimi nakaa kaunta, nauza saa za kucheza na chai ya majani ya mramia, natuliza magomvi. Muthana ndiye fundi. Mtu akija na kompyuta yake inayokwama, au gemu isiyomkalia vizuri, anapelekwa kwake kona ya mwisho, na yeye anamsikiliza kama daktari anayesikiliza kikohozi.

Sifa yake kubwa ni gemu moja ya kuviziana kwenye mahandaki ya ngome. Walioitunga walitaka watu waogope, basi wakaifanya giza. Kwenye menyu kuna kipimo cha gama, yaani jinsi sehemu za giza zinavyonyanyuliwa zionekane, lakini kipimo hicho kina mwisho wake, nao ni karibu. Muthana haendi kwenye menyu. Anafungua folda za gemu, anatafuta faili dogo la maandishi ambalo gemu hulisoma inapowaka, na humo anaandika namba anayotaka. Mng'ao ule unaomwagika kuzunguka kila mwenge anauandikia sifuri, maana humfumba mtu macho akitazama mlangoni. Zile chenga zinazonyunyizwa juu ya picha ili ifanane na filamu ya zamani nazo sifuri, maana adui akijibanza pembeni chenga humfunika. Kisha analihifadhi faili na kuliwekea alama ya kusomwa tu, gemu isije ikaandika ya kwake juu yake.

Haya nayajua kwa kukaa ubavuni pake nikimpelekea chai. Gama ya kiwandani ilikuwa mbili nukta mbili. Menyu iliishia mbili nukta nane. Wateja aliwawekea tatu, wakamwombea dua. Ya kwake mwenyewe nayo ilikuwa tatu, mwaka jana. Baada ya Idi nikaona tatu na nusu. Nikamuuliza, akasema skrini yake imechoka. Tukanunua skrini mpya, na namba ikazidi kupanda.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na ikiniingia mimi huwa sina adabu. Nilimwambia aende kwa daktari wa macho. Akaniambia ana macho ya mwewe, anasoma herufi ndogo kuliko mimi. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Baba alikuwa dereva wa basi la kwenda mji wa Ramtha, na alisoma gazeti bila miwani mpaka siku aliyoacha kuona mlango. Ugonjwa ule haukuanza na herufi. Ulianza na magharibi. Jua likizama baba alikuwa akipapasa ukuta na kusema taa za siku hizi hafifu, manispaa wanatuibia umeme. Kila balbu ya nyumba ilibadilishwa. Alibadilisha balbu mpaka siku alipogonga nguzo ya kituo na abiria ndani. Hakufa mtu, lakini hakushika usukani tena. Miaka iliyofuata dunia ikambana pembeni, kila siku ikibaki nyembamba zaidi, mpaka haikubaki.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Muthana hakuwa akinificha mimi tu, alikuwa akiificha hata nafsi yake. Na kila magharibi alichukua funguo za gari akaenda kumleta bintiye Sidra kutoka darasa la karate, kupitia ile barabara ya kuteremkia bonde ambayo nusu ya taa zake zimekufa. Mimi nilibaki kaunta nikihesabu pesa zilezile mara mbili mbili, nikisubiri kusikia mlango wa gari chini. Sikumwambia mkewe. Nilijiambia sina hakika, na kusema neno kama hilo bila hakika ni kulialika.

Ijumaa ile tulikuwa na mashindano baada ya sala. Desturi ya ukumbi wetu ni kwamba siku ya mashindano kompyuta zote zinavaa faili moja, asije mtu akalalamika kwamba mwenzake ameona zaidi. Kwa kawaida Muthana huandika faili la wastani. Safari hii vijana wakamchombeza. Hudhaifa, kepteni wa timu ya chuo, ndiye aliyeanza.

"Leo tupe la kwako, bwana fundi. Kila siku unatuwekea uji, wewe unakula nyama."

Muthana akacheka, akaona fahari. Alinakili faili lake kwenye flashi, akapita kompyuta baada ya kompyuta akiliweka. Aligonga viti viwili. Kisha akarudi kwenye kona yake.

Gemu zikawaka. Nilikuwa namimina chai, na nilichosikia kwanza ni manung'uniko. Mmoja akasema skrini yake imeharibika. Wa pili akasema hata yake. Wakaenda kwenye menyu kushusha, picha ikatulia, lakini gemu ikifungwa na kuwashwa upya weupe unarudi pale pale, kwa sababu faili lilikuwa limefungwa na menyu haiwezi kuandika ndani yake. Nikatoka kaunta kutazama. Mahandaki yalikuwa meupe. Kuta, sakafu, dari, vyote rangi moja kama maziwa ya laban yaliyotiwa maji, mwenge hautofautiani na ukuta ulioushika. Nikasogea skrini ya pili, ya tatu. Zote vilevile.

Muthana alikuja akitazama, akakunja uso. Akasema anaona sawa kabisa. Halafu, akiona nyuso za vijana, akasema basi ni skrini yake, hata hii mpya ni hafifu, ndiyo maana namba yake haifai kwenye skrini nyingine. Ilikuwa hoja nzuri ya fundi. Karibu nimwamini. Nilitaka sana kumwamini.

Hudhaifa hakuwa na ubaya wowote moyoni, na ndiyo maana alifanya alichofanya. Alitembea mpaka kona ya mwisho, akakaa kwenye kiti cha Muthana mbele ya skrini ya Muthana.

"Hapa pia kweupe, kaka," alisema taratibu. "Hapa ndiyo kweupe zaidi. Wewe unaonaje humu?"

Hakuna aliyecheka. Muthana alisimama katikati ya viti, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, na nikaona kwamba amekishika kama baba alivyokuwa akishika ukuta.

Nikawaambia vijana wateremke duka la pipi wakale kunafa, chai ni juu yangu, mashindano yataanza nikiwaita. Walipotoka nikafunga mlango. Nikamkalisha kaka yangu kitini pake. Nilijua la kufanya, yeye mwenyewe alinifundisha: ukilifuta lile faili, gemu ikiwaka huandika jipya lenye namba za kiwandani. Nikalifuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika, kwa kuwa faili limefungwa. Nikabonyeza ndiyo. Gama ikarudi mbili nukta mbili, mng'ao ukarudi, chenga zikarudi. Nikamfungulia uwanja wa mazoezi, birika la chini ya ngome, mahali mlinzi anaposimama daima karibu na nguzo ya kushoto. Ni mahali pa wanaoanza. Hata mimi nimewahi kumwona.

"Niambie unaona nini, Muthana."

"Naona mwenge."

"Na kingine?"

Akasogeza uso karibu na kioo. Mwenge uliwaka na mng'ao wake juu yake, na jicho lake likawa linakimbilia huko na kurudi. Alisogeza uso tena, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu.

"Wijdan, zima masihara," alisema. "Umeweka giza tupu hapo."

Angekuwa mtu mwingine ningemtania. Nilikuwa namwona mlinzi yule, mabega yake, mkuki wake, kijivu juu ya kijivu, na kaka yangu alikuwa anatazama palepale kwa macho yanayosoma herufi ndogo kuliko mimi. Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kioo, penye kifua cha mlinzi.

"Kuna mtu hapa," nikamwambia. "Amesimama muda wote."

Alikaa na kidole chake pale. Mashine ziliunguruma kote ukumbini. Niliogopa atakasirika, kisha nikaogopa atalia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza baba alikuwa na umri gani alipogonga nguzo. Nikamwambia. Ulikuwa umri uleule alio nao Muthana sasa. Alijua, alitaka tu kusikia kutoka kwa mtu mwingine.

Kisha akatia mkono mfukoni akatoa funguo za gari, akazitafutia kiganja changu. Sidra anatoka darasani magharibi, alisema, na mimi ndiye nitakayemwendea leo. Kesho tutakwenda wote kwa daktari. Nikasema sawa. Akainuka kwenda kumpigia mkewe simu dirishani, na nikamsikiliza akitembea. Alitembea polepole, mikono mbele, bila kuona haya, na hakugonga kiti.

Nikabaki peke yangu mbele ya skrini. Nilitaka kuizima. Lakini yule mlinzi alikuwa bado amesimama penye nguzo yake ya kushoto, na wazo likanijia ambalo sikulikaribisha: baba yule alikuwa baba yangu pia. Mwaka ule nilipomwona mlinzi kwa mara ya kwanza, nakumbuka niliuona uso wake. Sasa nilitafuta uso, na nikaona mabega, na mkuki, na juu yake kijivu.

Nikasogeza uso karibu na kioo. Bado niliona mabega. Au nilijua tu mabega yako wapi.

Chini vijana walikuwa wanaita waruhusiwe kupanda. Nikatazama funguo kiganjani, kisha nikaenda nikafungua mapazia yote, nikamwambia Muthana amwambie mkewe akodi teksi ya kumfuata Sidra.