Tarehe ya Kifo cha Mdogo Wangu

Duara, shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, lilititia Alhamisi asubuhi kwetu, upande wa Kemambo, na mdogo wangu alikuwa chini pamoja na wenzake wawili. Mimi nilikuwa Mwanza, chuoni, nikisomea stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu nikiwa na miaka thelathini na sita. Sekondari nilijisomesha mwenyewe, nikafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa ianze Jumatatu. Asiyefika bila ruhusa ya maandishi hupata sifuri, na sifuri katika somo la msingi ni kurudia mwaka.

Ijumaa nilikuwa kwenye kifusi. Wachimbaji walikuwa wakitoa udongo kwa ndoo na kamba. Mama alikaa kwenye gunia pembeni, hakulia. Kwetu hakuna anayelia msiba kabla mwili haujaonekana, na mama alikwisha kumfokea jirani mmoja aliyeanza kuomboleza. Niliuliza kwa sauti ya chini kama mtendaji wa kijiji yuko ofisini, kwa sababu nilihitaji barua ya kupeleka chuoni. Mmoja wa wachimbaji alinisikia.

"Msomi, shika beleshi," alisema. "Barua haitoi mtu chini."

Nilishika beleshi mpaka saa nane, ndipo nikaenda.

Mtendaji alikuwa mgeni kwetu, aliyehamishiwa kutoka Dodoma, mtu wa utaratibu kama mimi. Aliniambia hawezi kuandika kifo ambacho hakuna aliyekiona. Akaandika kwamba mdogo wangu "amefukiwa na kifusi na juhudi za kumtoa zinaendelea", akagonga muhuri. Sikuona kosa lolote katika barua ile. Hata mimi ningeandika hivyo hivyo.

Jumamosi nilipanda basi la alfajiri. Mkuu wa idara, mama wa makamo aliyetufundisha uainishaji wa majalada, alikuwa ofisini akipanga karatasi za mitihani. Akanipa fomu ya kuahirisha. Kwenye sababu kulikuwa na visanduku viwili tu, ugonjwa na msiba, na chini yake mahali pa tarehe ya kifo. Alisoma barua ya mtendaji mara mbili.

"Hapa hajafa," alisema.

Nikamwambia bado wanachimba.

"Mwanangu, bodi ya mitihani haina kisanduku cha wanaochimbwa. Ukiandika msiba, mimi nasaini leo, unaleta kibali cha mazishi ndani ya siku kumi na nne. Usipoandika, Jumatatu uingie chumba cha mtihani."

Aliniita mwanangu ingawa hakunizidi kwa miaka mingi. Nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kwenye swali lolote. Kisha nikaweka alama kwenye msiba, na mahali pa tarehe nikaandika ile ya Alhamisi. Mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusema mdogo wangu amekufa nilikuwa mimi, kwa maandishi, wakati mama bado amekaa kwenye gunia. Nikarudi siku hiyo hiyo kuchimba.

Walimtoa siku ya tisa. Polisi walimpeleka hospitali, na daktari, ambaye hakuwapo Kemambo na hakuwa na sababu ya kukisia, aliandika tarehe aliyompokea kuwa ndiyo ya kifo. Kibali cha mazishi kikaandikwa kwa kufuata karatasi ya daktari. Nilikipokea nikiwa nimeshika upande mmoja wa jeneza, nikakitia mfukoni bila kukisoma. Mimi, mwanafunzi wa kumbukumbu.

Nilikipeleka chuoni ndani ya muda. Mkuu wa idara alikiangalia, akakigeuza kunielekea na kuweka kidole kwenye tarehe. Kwa mujibu wa karatasi, nilikuwa nimeomba ruhusa ya msiba karibu wiki nzima kabla ya kifo. Aliniahidi kunitetea kwenye bodi, na najua alinitetea, maana baadaye alinisimulia bila kunitazama usoni. Wajumbe walimwuliza swali moja tu: wafuate karatasi ipi? Ofisi ya usajili wilayani iliniambia marekebisho yanahitaji maelezo mapya ya daktari, na daktari alikuwa amekwenda likizo. Bodi haikumsubiri. Barua iliyonifikia ilikuwa na mistari minne: ombi limekataliwa, masomo yote yarudiwe mwaka unaofuata.

Tulipojengea kaburi, fundi aliuliza aandike tarehe gani kwenye saruji kabla haijakauka. Nilimwambia ya Alhamisi. Mama alikataa. Alisema tuandike ile ya hospitali, kwa kuwa mpaka siku ile yeye alikuwa bado anamsubiri mtoto wake.

Fundi alinitazama, akingoja. Nilimsomea tarehe kutoka kwenye kibali, polepole, tarakimu moja moja, naye akaichora kwa msumari.