Sabaha, Akiba wa Vyuo Viwili

Sabaha alikuwa na mjomba mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha mpaka akamkinai. Kwao Lionja neno la mjomba halina rufaa. Mjomba huyo, Mzee Swalehe, ndiye aliyelipia maombi ya chuo, kwa hiyo kwenye fomu zote mbili akaamuru iandikwe namba yake ya simu, ingawa Sabaha anayo yake.

Chuo cha Nachingwea, alikoomba uuguzi, kilimweka kwenye orodha ya akiba. Cha Ruangwa kilimpa nafasi ya famasia, athibitishe kabla ya Ijumaa. Moyo ulipenda uuguzi, lakini kubwa alilotaka ni kutorudi tena kwenye palizi ya ufuta.

Wakaenda Nachingwea. Mjomba akaingia ofisini na jogoo kwapani, jogoo aliyekunya njia nzima, akamtua juu ya meza ya Fransisko, karani wa udahili. Sabaha alitamani ardhi immeze.

"Mzee, mtoe huyo kuku kwenye makaratasi yangu," alisema Fransisko. "Akiba maana yake sifa anazo, nafasi zimejaa. Mtu akijitoa, au asipothibitisha, tunamwita anayefuata. Anaweza kuitwa, anaweza asiitwe. Alete barua kwamba bado anataka, na cheti cha kuzaliwa, hakimo kwenye faili. Simu iwe hewani. Jogoo hapandishi jina."

"Na Ruangwa?" Sabaha aliuliza.

"Kathibitishe, dada! Huku tukikuita, kule utawaandikia unajitoa. Uliza tu kabla kama ada inarudishwa. Nafasi uliyopewa usiiache kwa ajili ya akiba."

Mjomba akacheka kicheko cha mjuzi. Njiani akamhubiria: mshika mbili moja humponyoka, na binti anayewachekea wachumba wawili haolewi na yeyote. Alikuwa bado ananuka kuku.

Alhamisi, mjomba alipokwenda shamba, Sabaha alipanda gari la Ruangwa. Miriam wa ofisi ya udahili alifungua faili, uso ukamshuka.

"Jana tulipiga simu kuuliza kama unathibitisha. Mzee wako akasema umekataa, wewe ni wa Nachingwea tu. Nafasi tumempa wa kwanza kwenye akiba yetu, na leo asubuhi amethibitisha."

"Na mimi?"

"Naweza kukuweka akiba."

Sabaha aliandika namba yake mwenyewe, akatoka, akampigia mjomba. Mzee hakumpa nafasi ya kusema.

"Mpwa wangu, wale wa Ruangwa nimewakatalia! Nikawapigia Nachingwea nao, wajue kwamba sisi si watu wa kutangatanga."

"Wakasemaje?"

"Yule karani alikata simu. Nadhani salio lilimwishia."

"Mjomba, chuo hakiposi mtu. Nafasi kapewa mwingine. Sasa niko akiba kote kuwili."

"Si unaona?" mjomba akasema kwa furaha. "Wote wanakutaka."

Sabaha akatema mate chini, akakata simu.