Bei Moja kwa Saizi Zote

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi seremala, na mtaa mzima unamwita Fidia. Jina hilo nilimpa mimi. Nimewabandika watu majina mengi maishani, lakini hakuna lililoganda kama hilo. Alinunua viatu, kimoja kikambana na kingine kikampwaya, akasema vitafidiana. Mvua ikimloweshea mbao, anasema jua la wiki ijayo litafidia. Hata siku aliyokuja kuposa, mzee wetu alipomuuliza ana nini, alijibu, "Sina kitu, mzee, lakini sinywi." Akapewa. Dada yangu alishakaa nyumbani mpaka shangazi wameacha kuuliza, na mzee naye alijua kufidia.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha bati nyuma ya wazibaji wa matairi. Ndani kulikuwa na kitu kimoja cha maana, mashine ya randa ya umeme, iliyomlia akiba ya miaka. Usiku aliifunika blanketi. Dada alijifunika shuka.

Basi hospitali kubwa ikatangaza zabuni ya kuleta majeneza ya miili isiyo na wenyewe, mkataba wa mwaka mzima. Watu wa aina hiyo hawakosekani, na hawalalamikii kazi ya fundi. Fidia akanunua makabrasha, akayasoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Ndani yake kulikuwa na jedwali la bei lenye mistari miwili, jeneza kubwa na jeneza dogo, na mbele ya kila mstari makadirio ya mahitaji kwa hesabu ya mwaka uliopita. Madogo yalizidi makubwa. Mnaelewa kwa nini, sitaki kuwaeleza.

Jioni moja akanisukumia karatasi mezani kwake.

"Shemeji, hebu pitia barua hii ya kuambatanisha na bei. Wewe umewahi kufanya biashara na maofisi."

Kweli nimewahi. Niliuzia shule mbili milango, na mpaka leo mmoja unafunga. Nikavaa miwani, nikasoma kwa sauti:

"Bei tuliyoandika inajumuisha mbao kavu, misumari, kitambaa cha ndani, mishikio minne, vanishi, kodi, usafiri na kushusha mlangoni mwa chumba cha maiti. Hatutadai gharama nyingine yoyote. Bei ni moja kwa saizi zote. Ni ya ushindani kwa sababu kwenye makubwa hatupati faida bali hasara, na hasara hiyo tunaifidia kwenye madogo, ambayo kwa hesabu zenu ni mengi zaidi."

Nikavua miwani. "Hapo mwisho umevua nguo mbele za watu."

"Maelekezo yanataka mzabuni aeleze kwa nini bei yake ni nafuu."

"Sema una mashine yako na kibanda hulipii pango. Wanyamaze."

"Hiyo si sababu yenyewe, shemeji. Sababu yenyewe ni hiyo niliyoandika."

"Mkweli wewe! Utazikwa kwenye la kwako."

Dada, aliyekuwa akipepeta mchele, akaniambia nisimkatishe tamaa mume wake, kwani ada za watoto zote ziko kwenye bahasha hiyo. Nikamrudishia karatasi yake. Mimi nikiacha kubishana, ujue kuna kitu.

Siku ya kufungua zabuni tulienda wote. Ukumbini bahasha zinakatwa mbele ya kila mtu na bei zinasomwa kwa sauti. Barua hazisomwi, zinaingia kwenye faili na kwenda kwa kamati. Fundi mmoja alikuwa na bei ya juu kwenye kubwa na ya chini kwenye dogo, kama inavyopaswa. Bei ya Fidia ilipotajwa, moja kote kote, watu waligeuka kumtazama. Ukizidisha kwa makadirio na kujumlisha, yeye ndiye alikuwa chini kabisa.

Akashinda. Mkataba ulidai dhamana, yaani benki iahidi kuwa fundi akiiacha kazi katikati, hospitali italipwa. Benki nayo haiahidi bure. Ikaiandika ile mashine ya randa kuwa rehani. Dada alipiga vigelegele mpaka wazibaji wa matairi wakaja kuuliza nani kaolewa.

Oda ya kwanza ikaja, makubwa matupu. Fidia akapiga randa, akapeleka, akasema madogo yako njiani. Oda ya pili, makubwa. Ya tatu, makubwa. Kila jeneza moja lilimlia mbao ambazo bei yake haikuzirudisha. Akaanza kukopa mbao. Nikamshika mkono, tukaenda kwa afisa manunuzi.

Alikuwa mama mmoja mwembamba, mpole, anakunywa chai bila haraka. Nikaanza mimi.

"Mama, shikamoo. Tumekuja kuuliza, watoto wameacha kufa?"

"Marahaba. Wanakufa vizuri tu," akasema. "Majeneza yao tunapigilia wenyewe, kwenye karakana yetu ya matengenezo. Vitanda vipya vinakuja kwenye makreti, mbao za bure."

"Lakini jedwali..." Fidia akasema.

"Makadirio, fundi. Chini yake pameandikwa hospitali hailazimiki kununua idadi hiyo. Umetia saini."

"Kwenye makubwa napata hasara, mama."

"Najua. Si ulituandikia?"

Akavuta faili, akaifungua barua, akawaita makarani wawili wa chumba cha pili, akawasomea kile kipande cha mwisho. Karani mmoja alicheka mpaka akashika kabati.

"Kamati iliogopa," mama akaendelea, "ikasema bei ya kubwa iko chini mno, huyu ataweza kweli? Barua yako ikatutuliza: anajua anachofanya. Na ndiyo iliyonipa mimi wazo la makreti."

"Na nikiacha?"

"Benki itatulipa. Wewe na benki mtajuana."

Fidia akahamia kwenye mbao nyembamba. Majeneza yakakataliwa mlangoni, yakarudi yalikotoka, na usafiri, kama alivyoandika mwenyewe, ulikuwa juu yake. Akauza kitanda cha wageni, kisha cha wenyeji. Basi likapinduka barabara kuu, abiria wengi hawakutambuliwa, na oda ikaja nene kuliko zote. Hakuwa na hata misumari. Siku za kupeleka zikapita. Mkataba ukavunjwa kwa barua ya mistari mitatu, na benki ikatuma vijana wakaibeba randa pamoja na blanketi lake.

Dada yangu hakulia. Alisimama mlangoni pa kibanda kitupu akamwambia, "Wenzio wanashindwa na walio hai. Wewe umeshindwa na maiti." Watoto walisikia. Mwaka ule mkubwa wao alibaki nyumbani.

Kilichomaliza mambo ni hiki. Yule mama alituma mtu. Sikudhani ana roho hiyo, na sijui bado kama ni roho. Karakana ya hospitali ilikuwa inazidiwa, wanataka kibarua anayejua msumeno. Nilimwambia Fidia akatae, nikamtukana pia kidogo. Alivaa viatu vyake akaenda.

Nilipita kumwona juzi. Yuko kwenye kona, makreti yamepangwa mpaka dirishani, anang'oa misumari ya kigeni, anainyoosha kwa nyundo, anaitumia tena. Yale madogo yote ni yake sasa, hakuna mwingine anayeyagusa, na anayapiga msasa hata ndani.

"Wengi leo?" nikamuuliza.

"Wengi."

"Wanakulipa kwa jeneza?"

"Kwa siku," akasema, akanyoosha mkono nimpe nyundo.