Chupa Moja ya Watu Kumi

Siku ile nilitaka kitu kimoja tu: kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, nivuke mpaka niende Lubumbashi kumwoza mwanangu. Nilikwenda kuchanjwa pamoja na wifi yangu, msafiri mwenzangu, ninayeishi naye mtaa wa Gatsata. Yeye alidhani mizunguko yangu ya hospitali ni ya vidonda vya tumbo. Hakuna aliyejua kwamba ni saratani ya titi, na kwamba chini ya kilemba sikuwa na hata unywele mmoja.

Muuguzi hakufungua chupa ya chanjo hadi tutimie kumi, maana ikishachanganywa haikai hata siku nzima. Tukangoja. Nilipandisha mguu juu ya mwingine, nikaushusha, nikaenda dirishani, nikarudi.

“Wifi, una siafu?” akanitania.

Tulipotimia, muuguzi alituuliza wote kwa pamoja: kuna mwenye mimba, mzio wa mayai, Ukimwi, au anayetibiwa saratani? Nami nikanyamaza, na sikujiona mjinga. Si wiki mbili kabla ya dripu ya kwanza ya dawa ya saratani daktari wangu mwenyewe alinichoma chanjo ya nimonia? Sindano ni sindano, nikajiambia.

Muuguzi akaendelea, huku akiulowesha kwa maji unga wa chanjo: “Nauliza sababu hii iko na kirusi hai. Kimedhoofishwa, lakini kiko hai.”

Nikasimama, nikamnong’oneza kwamba natibiwa saratani. Akaniingiza chumba cha ndani. Wifi, bila kuitwa, akafuata.

“Dripu ya mwisho lini, mama?”

“Alhamisi iliyopita.”

Akashusha pumzi. “Ile ya nimonia haina kijidudu hai, haiwezi kukuletea ugonjwa. Kirusi cha hii, mwili wako hauna askari wa kukizuia, kinaweza kuzaliana kikakuua. Subiri angalau miezi mitatu baada ya dripu ya mwisho, na daktari wako akubali.”

Nikabisha. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na kiatu changu. Je, siwezi kupewa barua ya kunisamehe chanjo?

“Daktari anaweza kuandika. Lakini mbu wa kule anayeleta homa hii hasomi barua.”

Harusi ilikuwa wiki tatu mbele. Nikalia pale pale, bila aibu.

Wifi akafungua mkoba, akatoa kijitabu cha kliniki, akakiweka mezani. “Na mimi nilinyamaza. Niko kwa dawa za virusi vya Ukimwi miaka kumi na moja.”

Miaka kumi na moja, tunakula chungu kimoja.

Muuguzi akasoma majibu yake ya mwezi ule taratibu. Kirusi hakionekani, askari wa damu zaidi ya mia sita. “Wangekuwa chini ya mia mbili ningekukatalia. Wewe unaweza.”

Akachomwa mkono wa kushoto. Mimi nilimshikia mkoba.

Nje hatukutazamana mpaka barabarani.

“Nitakaa kiti chako harusini,” akasema. “Mwanao akiniuliza mama yuko wapi, nimwambie vidonda vya tumbo?”

Nikafungua kilemba, jua likanipiga utosini.

“Hapana. Mwambie.”