Baridi ya Brazili

Baridi ya Brazili ilitufikia sisi wa Meru kupitia ukuta wa ofisi ya chama chetu cha msingi, na mpaka leo sijamsikia mtu akiomba radhi.

Serikali ilikuwa imeiachia huru biashara ya kahawa. Zamani ulipeleka kahawa chamani, basi, na kung'oa mbuni ilikuwa kesi. Sasa wanunuzi binafsi walifika hadi mlangoni na mizani na fedha taslimu, na chama chetu nacho kikaamua kupeleka kahawa mnadani Moshi chenyewe na kujichagulia siku ya kuuza. Hiyo siku ndiyo ilikuwa kazi. Kila wiki katibu, mwalimu mstaafu, alishuka Arusha mjini kwenye chumba cha intaneti, akachapishiwa chati ya bei ya kahawa ya New York, akaja kuibandika ukutani kwa gundi ya unga. Mnada wa Moshi huitazama bei hiyo. New York ikishuka, wanunuzi wa Moshi nao hukunja mikono.

Mimi nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni, na kipande cha mibuni alichonipa baba mkwe nilipojifungua. Kidogo, chini ya migomba, lakini changu. Mume wangu alitaka king'olewe tupande nyanya, kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa inaanguka mwaka hadi mwaka na nyanya zilikuwa na soko. Tuligombana mpaka tukapatana hivi: nipeleke kahawa yangu chamani, na kama malipo yatafika kabla ya mvua za vuli, yakazidi yale ya mnunuzi binafsi, mibuni inabaki. La sivyo, nyanya. Nilikubali haraka. Nilijua nitashinda.

Mwishoni mwa Agosti, kahawa yetu ya kwanza ikiwa imeshakobolewa na imepangiwa mnada, katibu alikuja na chati mpya. Wajumbe wa kamati walijaa mbele ya ukuta, na mimi nikiwa mmoja wao, maana walihitaji mwanamke na mimi nilikuwa na kidato cha nne. Mstari uliokuwa unateremka wiki zote ulikuwa umeruka juu. Siku moja uko chini, siku ya pili uko juu, kama ngazi.

Mwenyekiti akauliza kuna nini. Katibu akavua miwani, akasema huko Brazili ni majira ya baridi, na baridi ikichoma mibuni yao bei hupanda dunia nzima. Sikilizeni vizuri: alisema ikichoma. Hakusema imechoma. Lakini sisi tulikuwa tumeketi na makoti, ukungu umeingia mpaka ndani ya ofisi, na wazee walikuwa wanaukumbuka mwaka ambao baridi ya Brazili iliwaezekea nyumba kwa bati. Ikichoma ikawa imechoma kabla chai haijaisha vikombeni.

Niliuliza kwa nini imeruka siku moja tu, wakati siku nyingine bei inatambaa.

"Baridi haitembei kwa miguu, mama," mzee mmoja wa kamati akanijibu. "Inalala usiku mmoja tu, asubuhi umekwisha."

Wakacheka. Jibu lilikuwa na akili, nikalipokea. Kamati ikaamua kahawa iondolewe kwenye mnada, ingoje bei ipande zaidi. Jumapili ile kanisani palitolewa sala ya shukrani, na mama mmoja nyuma yangu aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wiki zilizofuata mstari ukaanza kuteremka tena kutoka pale uliporukia. Katibu alisema unapumzika. Mume wangu alinunua mbegu za nyanya akaziweka juu ya kabati nizione.

Siku ya soko nilipeleka ndizi Tengeru, nikapita kwenye stoo ya mnunuzi binafsi. Alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka mitaa ya zamani ya mjini, anamnunulia tajiri fulani, na lugha yake ilikuwa laini kuliko yetu sote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeniletea kahawa, au salamu peke yake?"

Nikamwambia kahawa yetu iko Moshi inasubiri baridi izidi. Akaacha kupima gunia.

"Baridi ipi?"

"Ya Brazili."

"Ingekuwepo, mimi ningekuwa nimelala hapa nanunua usiku na mchana. Nani kawaambia?"

Nikamwambia chati. Akatoa karatasi ya faksi ya tajiri wake. Bei hazikuwa kwenye mstari mmoja, zilikuwa zimepangwa kwa miezi. Akanieleza kwamba New York hawauzi kahawa tu, wanauza kahawa ya kukabidhiwa mwezi fulani: Septemba bei yake, Desemba bei yake. Wakati ule ghala za dunia zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mwezi wa mbali ulikuwa juu kidogo, kwa sababu anayekutunzia kahawa mpaka Desemba anadai gharama ya ghala na riba. Chati yetu ilikuwa inafuata mwezi ulio karibu. Septemba ilipokaribia kufungwa, ikaiacha, ikaendelea na Desemba. Ndiyo ile ngazi. Hakuna mtu duniani aliyeongeza hata senti.

Nilimwelewa papo hapo kwa sababu ya kadi ya kliniki. Ni kama nesi ampime mwanangu leo, kesho ampandishe kaka yake kwenye mizani, aandike kwenye kadi ileile, halafu anipongeze kwamba mtoto amenenepa.

"Uzeni," mzee akasema. "Nyanyua simu leo."

Nilipanda mlima na hasira, mtoto analia, sikusimama kumnyonyesha mpaka ofisini. Katibu alinisikiliza. Kesho yake akashuka mjini, akatazama herufi ndogo zilizoandikwa juu ya chati, akarudi akanionyesha. Kumbe kila mwezi una herufi yake, na herufi ilikuwa imebadilika. Alijua. Nataka hilo lieleweke: alijua.

Kamati ikaitwa. Nikasema yote, nikasema tuuze mnada unaofuata.

Mwenyekiti akaniuliza taratibu, "Na haya umeyatoa wapi, mama?"

"Kwa mnunuzi wa Tengeru."

"Tangu lini mnunuzi akamhimiza mkulima auze ili mkulima afaidike?"

 Swali hilo ninalo hata sasa. Nilimgeukia katibu aseme alichokiona mjini, na yeye alikuwa anabandua gundi iliyokauka vidoleni. Akasema chati zina mambo mengi, labda tungoje kidogo. Wakangoja. Wangeuza vipi, wakati waumini walikuwa wameshashukuru?

Kahawa iliuzwa mvua zikiwa zimeshaanza, kwa bei ambayo mzee wa Tengeru angeona aibu kuitamka Agosti. Malipo yalikuja baadaye zaidi. Kwenye mkutano mkuu katibu alisoma kwamba baridi ya Brazili haikuendelea kama ilivyotarajiwa, na watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Nikasimama, nikasema haikuwepo. Mama mmoja akanivuta khanga nikae, mtoto atapata baridi.

Mume wangu hakuniambia "nilikwambia." Heri angeniambia, ningepata pa kumpiga. Alianza kung'oa mibuni kutoka upande wa chini wa shamba, na baba mkwe akatoka na fimbo yake kutazama.

"Mngengoja," akasema. "Mwakani baridi inaweza ikarudi."

"Baba, haikuwahi kuja."

"Pole mwanangu," akanijibu. "Umechoka."

Nikamwachia mtoto. Nikachukua jembe, nikaenda kung'oa kuanzia juu, nisikutane na yeyote kati yao mpaka katikati.